Kumi na Mbili Hizi si Kumi na Mbili Zile

Hapa Mbarara, kati yetu wanafunzi, kuna kauli iliyogeuka kuwa kama amri: mwenye akiba anunue dhamana za hazina, maana zinalipa kuliko amana ya muda maalumu ya benki. Nyumbani Endiinzi nasikia kauli ya kinyume: peleka benki, dhamana za serikali ni za matajiri. Napinga zote mbili. Wanaozisema hawajapiga hesabu.

Mwaka huu mama yangu aliuza maharagwe akabaki na shilingi 880,000, ada ya mdogo wangu ya mwakani. Karani wa benki moja, jina nalisitiri, akamwambia: "Mama, sisi tunatoa asilimia 12 kwa mwaka. Dhamana nayo ni 12 hiyo hiyo. Ya nini kujisumbua?" Mama akanigeukia: "Mwanangu, ni kweli?"

Si kweli, na kosa liko mahali pamoja. Dhamana ya hazina haina riba inayoongezwa juu ya fedha zako. Unainunua kwa bei ya chini, na siku ya kuiva unalipwa thamani yake kamili. Tuseme dhamana ya siku 364 inauzwa kwa 88 kwa kila 100. Mama angelipa 880,000, na baada ya siku hizo, ambazo ni karibu mwaka mzima, angepokea 1,000,000. Karani alichukua punguzo la 120,000 akaligawanya kwa milioni moja, akapata 12. Lakini mama hakutoa milioni. Alitoa 880,000. Gawanya 120,000 kwa 880,000 upate asilimia 13.64. Hayo ndiyo mapato hadi kuiva, na hayo ndiyo yanayolingana na riba ya benki, kwa sababu yote mawili yanapimwa kwa fedha iliyotoka mfukoni.

Hapo wenzangu wa darasani hushangilia na kufunga daftari. Wamefunga mapema. Nchini Uganda riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, lakini faida ya dhamana ya hazina hukatwa asilimia 20. Turudi kwa mama. Kwenye dhamana, kodi ni 24,000 kati ya 120,000, kwa hiyo faida iliyobaki ni 96,000, sawa na asilimia 10.91. Kwenye amana, riba ni 105,600, kodi ni 15,840, zinabaki 89,760, sawa na asilimia 10.2. Pengo lililoonekana kuwa zaidi ya pointi moja na nusu limebaki pointi 0.71. Kwa fedha taslimu ni shilingi 6,240.

Sasa fikiria mapato ya dhamana yangekuwa asilimia 12.5. Kwa macho bado inaizidi benki yenye 12. Ondoa kodi: dhamana inabaki na asilimia 10 kamili, benki inabaki na 10.2. Mwenye namba kubwa ameshindwa. Ndiyo maana nashikilia kanuni hii: zidisha riba ya benki kwa 0.85, kisha gawanya kwa 0.80. Ukianza na 12 unapata 12.75. Dhamana yoyote yenye mapato ya chini ya hapo, kwa muda ule ule, haifai kushindana na amana hiyo.

Na wale wa kauli ya matajiri? Dhamana hununuliwa kuanzia shilingi 100,000, kwa hiyo mlango haujafungwa. Kinachomzuia mtu wa Endiinzi ni gharama ya kufika mlangoni. Lazima ufunguliwe akaunti ya dhamana Benki Kuu kupitia benki ya biashara, na benki hiyo inaweza kudai ada yake. Nauli ya kwenda Mbarara na kurudi peke yake inameza zile 6,240. Mwenye 8,800,000 angepata tofauti ya 62,400 kwa safari ile ile, na kwake safari inalipa.

Basi nilimwambia mama aweke amana, mradi benki imwandikie kwenye karatasi mambo matatu: riba ni ya mwaka mzima, italipwa lini, na atapoteza nini akivunja kabla ya muda. Rafiki zangu walinicheka: mwanafunzi wa fedha anamkimbiza mama yake kutoka kwenye dhamana! Wacheke. Mwaka ujao bei ikishuka hadi 85, au akiba ikikua mara kumi, nitapiga hesabu upya na huenda nikamwambia kinyume. Ninachokataa ni kumpa mama jibu ambalo lilikuwa tayari kabla hajaniambia ana shilingi ngapi.