Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Likizo iliyopita nilikaa kwa mama mdogo, ambaye yeye na wenzake wanane huuza tangawizi ya unga itokayo Mamba Miamba. Walikuwa na mtaji wa shilingi 300,000, na jioni moja walikaa kubishana: je, wamlipe mtu maarufu wa Instagram awatangazie tangawizi yao? Wengine walisema, "Mchukueni yule anayejulikana nchi nzima." Mama mdogo akanigeukia na kuniuliza, "Wewe msomi wasemaje?" Sikuwa na jibu siku ile. Hili hapa ndilo jibu langu.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Anayekodi jina la mtu hukodi na mwenendo wake, wala hawezi kuchukua kimoja akaacha kingine. Mambo ya mwaka 2018 yanatufundisha. Mwezi Novemba Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake. Mwezi Desemba wasanii hao wakauimba jukwaani mjini Mwanza. Siku chache baadaye Baraza likawazuia kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi, likafuta na kibali cha tamasha lao la Wasafi. Waliomba radhi, na zuio likaondolewa Januari 2019. Wasanii walirudi kazini. Lakini mfikirie mfanyabiashara yeyote ambaye angekuwa ameweka fedha zake zote katika majina hayo kwa msimu ule wa sikukuu: mauzo ya Desemba hayarudi Januari. Tena onyo lilikuwa limetolewa mwezi mzima kabla, likionekana na kila mwenye macho.

Basi tuanze na uchaguzi. Kosa la kwanza ni kuhesabu wafuasi wote badala ya wale wanaoweza kununua. Tuchukue mfano. Balozi wa kwanza ana wafuasi 400,000 na anataka shilingi 240,000 kwa tangazo moja. Mwambie afungue simu yake mbele yako akuonyeshe takwimu za ukurasa wake, maana picha ya takwimu iliyotumwa inaweza kuchezewa. Ukikuta kwamba katika kila wafuasi 100 ni 6 tu wanaokaa Kilimanjaro na Arusha, mahali mnakoweza kupeleka mzigo, basi watu wenu ni 24,000. Balozi wa pili ni mama wa Moshi afundishaye mapishi. Ana wafuasi 9,000, na 60 katika kila 100 wanakaa humo humo, yaani watu 5,400. Yeye anataka shilingi 54,000 kwa matangazo matatu. Gawanya fedha kwa watu: kila mmoja wao anawatoza shilingi 10 kwa mtu mmoja. Mpaka hapo mizani imelingana!

Kinachoinamisha mizani ni maoni ya wasomaji wao. Soma maoni chini ya matangazo kumi ya mwisho ya kila mmoja. Kwa yule wa kwanza utakuta vicheko na mabishano, kwa mama wa Moshi utakuta watu wanauliza, "Unga huu unapatikana wapi? Kilo bei gani?" Wale ndio wanunuzi. Pia yeye atawatangazia mara tatu, na akiharibu, mtabakiwa na shilingi 246,000 mfukoni. Yule wa kwanza akiharibu, mtabakiwa na 60,000. Husemwa kwa utani kwamba sisi Wapare tunapenda mno hesabu na kesi. Vema, hapa hesabu ndiyo itakayotuepusha na kesi.

Jihadharini pia na wafuasi wa kununuliwa. Dalili yake ni maelfu ya wafuasi na watu wachache mno wanaotoa maoni, tena maoni yenyewe yafanane kama yameandikwa na mkono mmoja.

Kuhusu mwenendo, msiulize tu kama ni mtu mwema. Rudini nyuma miaka miwili katika ukurasa wake. Someni alivyojibu alipotukanwa, kwa maana anayerudisha tusi leo atalirudisha akiwa amebeba jina lenu. Tazameni bidhaa nyingine alizotangaza: kama mwezi jana alisifu tangawizi ya mshindani wenu, nani atamwamini akisifu yenu? Na aliyezoea kutangaza kamari na pombe hawafai wauza viungo wanaotaka kuaminiwa na kina mama.

Kisha andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Mlipeni nusu mwanzo na nusu baada ya tangazo la mwisho. Andikeni maneno asiyoruhusiwa kusema. Kwa mfano, asiseme kwamba tangawizi inaponya ugonjwa fulani, kwa sababu uongo huo utawarudia ninyi. Andikeni kwamba akivunja sheria, akitukana watu au akidanganya juu ya bidhaa, mnaweza kusimamisha kazi siku hiyo hiyo, naye ataondoa matangazo yenu mkimwambia. Wala msichape sura yake juu ya pakiti. Mwaka 2022 kampuni ya Adidas ilipovunja mkataba na mwimbaji Ye kwa ajili ya maneno yake ya chuki juu ya Wayahudi, ilibaki na shehena kubwa ya viatu vilivyotengenezwa kwa jina lake, ikaanza kuviuza mwaka uliofuata na kutoa sehemu ya fedha kwa vyama vinavyopinga chuki. Kampuni kubwa iliweza kuvumilia. Kikundi cha akina mama tisa hakiwezi.

Na siku balozi akikosea? Kwanza simamisheni malipo na matangazo yaliyobaki. Kusimamisha si kuhukumu. Pili, hifadhini nakala ya alichosema pamoja na tarehe, kabla hajakifuta. Tatu, muulizeni yeye mwenyewe, mkathibitishe, kwa kuwa mtandaoni hata uzushi huenda mbio. Kisha pimeni kosa. Kama ni ugomvi wake wa mapenzi au wa mpira, ngojeni upoe. Kama amedanganya juu ya tangawizi, sahihisheni ninyi wenyewe, mahali pale pale uongo uliposemwa. Kama amewatukana watu au amevunja sheria, vunjeni mkataba.

Tangazo lenu liwe fupi: limetokea nini, mmefanya nini, na mnunuzi afanye nini akiwa na shaka. Litoeni ndani ya siku moja baada ya kuthibitisha, mtu mmoja asemaye kwa niaba ya wote. Msijibu matusi, wala msifute kimya kimya maoni ya wanunuzi wenye hasira. Anayefutiwa swali lake huenda kuliuliza kwa sauti kubwa zaidi mahali pengine.

Najua wako watakaosema kwamba mtu mdogo hauzi, na kwamba jina kubwa ndilo linalovuta. Ni kweli linavuta, lakini huvuta pande zote mbili. Mwenye kampuni akipoteza jina moja ana mengine. Kwa mama mdogo, shilingi 240,000 ni sare, madaftari na nauli ya watoto watatu. Mwenye mtaji wa namna hiyo amtafute balozi anayejulikana na wanunuzi wake, hata kama hajulikani na taifa zima.