Barua ya wazi kwa idara za uongozi wa elimu: tuulizeni kuhusu rejista

Kwa wenyeviti wa idara za uongozi na usimamizi wa elimu katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Illasit, kusini mwa Kajiado, mpakani na Tanzania. Ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili, na fomu zenu zinanitaka nieleze kusudi la kusoma. Walimu wengi hujibu swali hilo kwa aya zilezile zinazopita mkono kwa mkono kwenye saiba: napenda uongozi tangu utotoni, nataka kuleta mabadiliko. Aya hizo hazisemi mwombaji anafanya kazi wapi wala amekwama wapi. Naomba mbadilishe swali. Mtakeni mwombaji aeleze tatizo moja la shule yake ambalo mwalimu mkuu ana uwezo wa kuligusa. Langu ni hili.

Chini kabisa ya rejista ya darasa, baada ya majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino, kuna majina ya penseli. Ni ya watoto wanaokuja shule kila siku lakini hawamo kwenye mtandao wa takwimu wa wizara ya elimu, kwa kuwa huko mtoto huingizwa kwa namba ya cheti cha kuzaliwa. Wapo waliozaliwa nyumbani, na wapo waliozaliwa upande wa Tarakea, Tanzania, kwa sababu ukoo mmoja huku umekaa pande zote mbili za mpaka. Mtoto anakula, anaandika na anakalia dawati, ila hesabu ya fedha haimwoni.

Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 400, na 60 kati yao hawana vyeti. Kwa mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, shule inakosa shilingi 85,200. Tangu 2023, sekondari ya chini iko ndani ya uwanja wetu, na mgao wake ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi. Watoto 10 tu wa huko wasipoonekana, pengo ni shilingi 150,420. Kwa hiyo watoto wachache wa madarasa ya juu wanaumiza hesabu kuliko wengi wa chini.

Mwalimu mkuu afanyeje? Akimrudisha mtoto nyumbani akatafute cheti, huenda asimwone tena. Akiwatoza wazazi ada ya masomo, amevunja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Basi wengi hugawanya kidogo kilichopo, na dalili yake huonekana mapema: chaki zinahesabiwa, na kitabu kimoja kinasomwa na watoto wanne.

Swali ninalotaka kulisoma ni dogo. Mwalimu mkuu anayefanikiwa kuyahamisha majina ya penseli kwenda kwenye wino hufanya nini hasa? Humtumia chifu, huwakusanya wazazi siku moja na kuwapeleka ofisi ya usajili, au hutafuta kadi za kliniki mapema, mtoto akiwa bado chekechea? Ningelinganisha shule chache za mpakani, nikisoma rejista zao sambamba na idadi iliyo kwenye mtandao, kisha nizungumze na walimu wakuu na halmashauri za shule.

Kuna mpaka wa utafiti huu pia. Si kila mtoto wa penseli anastahili cheti cha Kenya, na mwalimu si afisa wa uhamiaji. Nikianza kuuliza wazazi walikozaliwa, watakaohofia ni walewale ninaotaka wabaki shuleni. Hapo ndipo nahitaji chuo: kufundishwa namna ya kukusanya taarifa bila kumtia mtu hatarini, na kusoma bajeti ya shule kwa jicho la kiongozi.

Ombi langu la pili linahusu mwombaji wa aina yangu, anayesoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Wenzetu wengi humaliza masomo ya darasani kisha hukwama kwenye pendekezo la utafiti, kwa sababu waliingia bila swali. Mkisoma maelezo ya kusudi kama mbegu ya pendekezo, mtajua tangu siku ya udahili ni mhadhiri gani amsimamie nani. Na kama idara haina mtu anayejua fedha za shule za msingi, mwambieni mwombaji mapema aende kwingine.

Maelezo yangu ndiyo haya mliyosoma. Nitayatuma pamoja na fomu, na naomba nipimwe kwa swali langu: kama ni dogo mno, kubwa mno, au mlikwisha kulijibu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Illasit, Kajiado Kusini