Kazi inayoomba makuta kwanza

Tangu karieri zilipoanza kutuma makuta kwa simu, familia nyingi za Mangobo zinaishi na yale baba anayotuma kutoka Banalia ao Bafwasende. Simu ya mama imekuwa sanduku la nyumba, na wezi wanajua. Hawaji tena usiku kuvunja mlango. Wanakuja mchana, kwa WhatsApp, na kuleta kazi.

Tuangalie namna kazi hiyo inavyokwenda. Mama anapata ujumbe kutoka nambari ya ugenini: penda video tatu, utalipwa. Anapenda, na kweli dola 2 zinaingia katika simu. Kesho yake wanamuingiza katika kundi la Telegram, ambamo watu wanashukuru kutwa nzima na kuonyesha picha za makuta waliyopata. Wengi wao ni mtu mmoja mwenye nambari nyingi. Sasa wanamwambia atume dola 10 ili apewe kazi ya daraja la juu. Anatuma, zinarudi 13. Njo hapo moyo unalala. Siku ya tatu anatuma 50, na kioo cha simu kinaandika 68. Anapotaka kuzitoa, wanamjibu kwamba alikosea kazi moja, kwa hiyo atume 120 ili wafungue akaunti. Akituma, watakuja na kodi, kisha malipo mengine.

Tufanye hesabu hapa hapa. Zimetoka 10, 50 na 120, jumla 180. Zimeingia 2 na 13, jumla 15. Mama amepoteza dola 165. Zile 68 hazikuwa makuta hata siku moja. Ni namba ambayo mwizi mwenyewe aliiandika. Na zile 15 alizolipwa ni chambo kwenye ndoano, gharama ya mvuvi.

Ndugu wachimbaji, ninyi mnaelewa jambo hili kuliko watu wa biro. Katika karieri, sapotere anayetaka mchimbe kwa ajili yake ndiye anatoa chakula na vyombo kabla jiwe halijaonekana. Mwenye kutafuta wafanyakazi ndiye anatangulia kutoa. Mtu akikuambia atakulipa mshahara, kisha anakuomba wewe utangulie, amegeuza kazi juu chini. Karte ya mchimbaji hulipiwa, ndiyo, lakini ule ni ushuru wa Serikali, unalipwa kwa biro na unapewa risiti. Haikuahidi mshahara.

Wazee wanakumbuka Bindo, iliyoanguka Kinshasa mwaka 1991 na akiba za watu ndani yake. Jirani zetu wa Tanzania waliona ya kwao Februari 2025: watu walilipa kiingilio kwa LBL ili walipwe kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Malipo yakakatika, polisi ikakamata watu, na Benki Kuu yao ikasema haikuipa LBL kibali chochote.

Kuna mlango wa pili, na huu hauombi hata franka. "Tupe kode yako ya siri ili tukulipe." Hapana. Kupokea makuta kwa M-Pesa ao Airtel Money kunahitaji nambari yako ya simu tu. Kode ya siri ni ya kutoa. Anayeiomba anataka kutoa.

Ao wanasema: utapata ujumbe wenye tarakimu sita, tusomee ili tukuandikishe kazini. Hizo ni tarakimu za kufungua WhatsApp yako katika simu nyingine. Dakika chache baadaye, baba kule karieri anasoma kwa jina la mke wake: mtoto yuko hospitali, tuma dola 50 kwa nambari hii. Atatuma, maana jina analijua. Apige kwanza simu ya kawaida, asikie sauti.

Kama umekwisha kutoa tarakimu hizo, ingia tena katika WhatsApp kwa nambari yako na uandike kode mpya itakayokuja kwa SMS, mwizi anatolewa. Kisha fungua Paramètres, Compte, Vérification en deux étapes, uweke kode yako mwenyewe. Kama umetoa kode ya siri ya makuta, ibadilishe palepale. Kama umetuma makuta, pigia kampuni ya simu saa ileile, kwa sababu yakisha kutolewa kwa ajenti, kuyarudisha ni vigumu sana. Wiki inayofuata atakuja mwingine, mpole, kusema anaweza kukurudishia dola zako zote ukimtumia 20 za karatasi. Mara nyingi ni mtu yuleyule.