Hofu ya Stendi Inakulia Doo Yako Airport

Wasee wa Madogo, leo nataka kugombana na watu wawili. Wa kwanza ni yule wa saiba anayekukatia tikiti ya ndege, halafu anakwambia, "Ongeza ya kiti, usipochagua sasa utakosa mahali pa kukaa." Wa pili ni wewe unayekubali.

Najua kwa nini unakubali. Sisi tumefunzwa kusafiri na basi la Garissa. Basi linajaza abiria upande ule, linavuka daraja la Tana, likifika hapa kwetu viti vya mbele vimeshaenda. Usipopiga simu jioni ukashikiwa namba, kesho utakalishwa nyuma kabisa, urushwe kila tuta hadi Mwingi. Wakati mwingine unaambiwa ungoje basi la pili. Kwa hivyo kichwani mwetu kiti bila namba ni sawa na kukosa safari. Hiyo hofu ni halali pale stendi. Shida ni kwamba tunaibeba nzima nzima mpaka uwanja wa ndege, na kule kuna mtu anaiuza.

Ukweli ni huu: tikiti ya ndege iliyolipiwa na kuthibitishwa tayari ina kiti ndani yake. Ile ramani ya viti inayokuja baada ya jina na namba ya pasipoti haikuuzii kiti. Inakuuzia ruhusa ya kuchagua ni kipi, na mapema. Usipochagua, utapewa kimoja bure wakati wa chekini. Ndiyo maana kile kitufe cha kuruka ukurasa, kilichoandikwa Skip au kitu kama hicho, mara nyingi wanakifanya kidogo na hafifu, halafu cha kulipia kinang'aa kama taa za harusi.

Na hii si biashara ya chenji. Kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti Novemba 2024 ikaonyesha kwamba mashirika matano tu ya kule yalikusanya dola bilioni 12.4 kutoka kwa ada za viti kati ya 2018 na 2023. Bilioni. Kwa kitu ambacho kiko kwenye ndege hata usipolipa.

Sasa kabla hujatoa M-Pesa, jiulize swali moja: ndege yenyewe ina viti vingapi kwa safu?

Watu wengi wanalipa kukimbia kiti cha katikati. Sawa, hakuna anayependa kubanwa mabega pande mbili. Lakini chukua Nairobi kwenda Mombasa na Jambojet. Wanarusha Dash 8, ile ya mapangaboi, na viti vyake ni viwili huku, viwili kule. Embraer 190 ya Kenya Airways ni hivyo hivyo. Kwenye ndege hizo kiti cha katikati hakipo. Ukipewa chochote utakuwa dirishani au kando ya njia, na safari yenyewe haifiki saa moja na nusu. Unalipia kukwepa kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa! Hapo ruka ukurasa, lala salama.

Hesabu inabadilika ndege ikikua. Kwenye Boeing 737 viti ni vitatu huku, vitatu kule, kwa hivyo kimoja kati ya kila vitatu ni cha katikati. Kwenye 777 nyingi za Ghuba ni 3-4-3, na hapo viti vinne kati ya kumi havina dirisha wala njia. Kama wewe ni mrefu na unakaa saa tano usiku kwenda Dubai, kulipia kiti cha njiani ni uamuzi wa mtu mzima, sikucheki. Ninachotaka ni ujue unanunua nini. Aina ya ndege huandikwa kwenye maelezo ya safari, na ramani yenyewe unaweza kuitazama bila kulipa. Ihesabu kwanza.

Tuje kwa ule ushauri mwingine unaozunguka: "Chukua safu ya mlango wa dharura, unanyoosha miguu kama bosi." Ni kweli miguu inapata nafasi. Lakini kile si kiti cha starehe, ni kiti cha kazi. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine kwenye barabara ya kurukia pale Haneda, Tokyo, ikashika moto. Ndani walikuwa watu 379. Milango iliyofaa kutumika ilikuwa mitatu tu kati ya minane, na wote 379 walitoka hai. Siku kama hiyo haitaki mtu anayeziba njia na begi, wala aliyekaa mlangoni bila kujua afanye nini.

Ndiyo maana mhudumu anakuja kukuuliza kabla ya kuruka: unaelewa maagizo, uko tayari kusaidia? Mtoto hakai pale. Marekani kwa mfano kikomo ni miaka 15, na mashirika mengine yana vikomo vyao. Mjamzito mara nyingi hakubaliwi, wala aliyebeba mtoto, wala anayehitaji msaada kutembea, wala asiyeelewa lugha ambayo wahudumu wanatumia kutoa amri. Begi nalo haliwi miguuni wakati wa kuruka na kutua. Tena kwenye ndege nyingi safu iliyo mbele ya mlango huo kiti hakilali nyuma, ili kisizibe njia. Unaweza kulipia safu ya bei ghali ukasafiri wima kama uko mahakamani.

Kinachoniudhi ni hiki: yule wa saiba anamuuzia nyanya kiti hicho "kwa sababu ya magoti yake." Nyanya akifika ndani anahamishwa mbele ya watu, na kwa mashirika mengi pesa hairudi, kwa sababu masharti yalisema wazi nani anafaa, na aliyebofya kwamba amekubali masharti ni msee wa saiba. Magoti ya nyanya yana dawa yake, na ni ya bure: aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tikiti, au angalau saa 48 kabla ya safari. Hapo hapo mwambie wakala aombe kiti cha njiani karibu na choo.

Sasa mtasema mimi nakataza kulipa kabisa. Hapana. Kuna safari moja ambayo watu wetu wanafanya sana ambapo nitakwambia lipa, lakini lipa kwa akili. Ni umra.

Tuseme mama anaenda Jedda na watoto wake wawili wakubwa, kaka na dada, na wanabadilisha ndege njiani. Kwenda ni vipande viwili, kurudi viwili, jumla vinne. Watu wengi hawajui kwamba ada ya kiti kwa kawaida hukatwa kwa kila kipande, si kwa safari nzima. Tuseme ni shilingi 1,000 kwa kiti. Msee wa saiba anabonyeza wote watatu, vipande vyote vinne: 12,000 imeondoka kabla hata ihramu haijanunuliwa.

Lakini nani hapo anahitaji kiti fulani? Mama anahitaji njia, kwa sababu ya choo na miguu. Pia anahitaji mtu wake pembeni, kwa sababu tangazo likitolewa kwa Kiingereza au Kiarabu lazima kuwe na wa kumtafsiria. Hao ni viti viwili. Kaka, kijana wa miaka 22 mwenye afya, anaweza kukaa katikati ya wageni wawili hata mwisho wa ndege, hatakufa. Viti viwili mara vipande vinne ni 8,000. Umebakisha 4,000, na mama hajakaa peke yake hata dakika moja.

Hapo kuna mitego mitatu. Mmoja, hakikisha wote mko kwenye tikiti yenye namba moja ya kumbukumbu. Mkikatwa kila mtu na yake, kompyuta haijui kama mnajuana. Wa pili, kama mmeenda kwa kikundi cha wakala, muulize kabla ya kumlipa kama viti vinaweza kuchaguliwa, maana tikiti za kikundi mara nyingi hazifunguki mpaka chekini. Wa tatu, weka risiti ya kiti. Shirika likibadilisha ndege, ramani yote inaweza kupanguliwa, na ulicholipia kikageuka kingine. Masharti yao yanawaruhusu kukuhamisha. Wakikupeleka kiti cha chini ya ulicholipia, dai pesa, lakini utadai na nini kama risiti ilibaki kwa simu ya msee wa saiba?

Hii ya ndege kubadilishwa ndiyo sababu nyingine ya kuacha kiti wazi. Anayesafiri peke yake na begi moja hana cha kulinda. Akilipia miezi mitatu mapema analipia ramani ambayo huenda siku hiyo isiwepo. Tena viti vya mbele ambavyo havikupata mnunuzi lazima vijazwe ndege ikijaa, na vinaweza kumwangukia mtu ambaye hakutoa hata shilingi.

Ila nisikilizeni vizuri hapa, maana wengine watasikia nusu. Kutochagua kiti si kuchelewa. Mashirika huuza tikiti kuzidi viti wakati mwingine, yakitegemea kwamba wengine hawatatokea. Wote wakitokea, wanaofanya chekini mwisho ndio wako hatarini zaidi kuachwa. Kwa hivyo usilipe, lakini uwe wa kwanza. Kwa mashirika mengi Check-in hufunguka mtandaoni kati ya saa 24 na 48 kabla ya ndege. Weka kengele ya simu. Bonyeza ukiwa bado Madogo, nyumbani, kabla hujapanda basi la Nairobi. Usingoje uko barabarani simu imebaki asilimia nne. Ukipewa kiti usichokipenda, rudi baadaye uangalie kama kuna cha bure kimefunguka, au muombe mtu wa kaunta kwa heshima. Kuomba hakulipishwi.

Kwa hivyo wewe wa saiba, mteja akija kesho, muulize mambo matatu kabla ya kugusa ile ramani: ndege gani, saa ngapi hewani, na nani lazima akae na nani. Majibu yakiwa Mombasa, dakika hamsini, peke yangu, bonyeza Skip na umrudishie chenji yake. Wewe mteja nawe, simama nyuma yake uangalie kioo. Pesa ni yako.