Tarehe ya kadi haitoshi

Mwandishi wa makala ameeleza vyema ajira na kuhuisha kibali cha ukaazi huko Falme za Kiarabu, ila safari amezipitia juujuu. Kibali cha kawaida cha ukaazi cha mfanyakazi hufutika akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya siku 180 mfululizo, hata kama kadi inaonyesha mwaka mzima umebaki. Aliyekwenda Mombasa mwanzoni mwa Januari kuuguza mzazi, katikati ya Julai ameshachelewa.

Wapo watakaosema mwajiri atalishughulikia suala hilo. Kweli, ndiye mdhamini, na bila yeye kibali cha kazi hakihuishwi. Lakini hazuii siku za kukaa nje kuhesabika. Kwa aliyechelewa, ombi la kurudi lipo, lenye sababu, ushahidi na faini, na laweza kukataliwa. Basi tunza muhuri wa kutoka, uhesabu siku zako.