Umepata mtoto, lakini je, Sacco yako inajua?

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wachanga ni jinsi ya kumwandikisha mtoto ili atibiwe. Juzi baba mmoja aliyekuwa amemaliza kumwongeza mwanawe alishusha pumzi akaniambia, "Basi sasa mtoto yuko kwenye kila kitu changu." Nikamuuliza kama ana akiba kwenye Sacco. Anayo, miaka kumi sasa. Nikamuuliza ni jina la nani lililo kwenye fomu ya mteule, yule mtu wa kupokea akiba hiyo mwenyewe akifariki. Alifikiri kidogo, akasema, "Nadhani ni la kakangu. Wakati huo sikuwa nimeoa."

Leo basi naomba tutoke kidogo kliniki tuingie kwenye fomu hiyo. SHA haizungumzi na Sacco, Sacco haizungumzi na mfuko wa pensheni, na hakuna hata mmoja kati yao anayepashwa habari na msajili wa ndoa au wa vizazi. Kila afisi inajua kile tu ulichoiandikia wewe, siku ile uliyoiandikia.

Tuanze na Sacco, kwa sababu ndiko fomu ina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika hapa Kenya, mwanachama akifariki, chama kinaweza kumkabidhi hisa na akiba zake mtu aliyeteuliwa. Mahakama Kuu imeeleza katika hukumu zake kwamba pesa zilizo na mteule halali haziingii katika mirathi inayogawanywa na korti. Kwa maneno mengine, mjane anaweza kushinda kesi ya mirathi, akapata shamba na nyumba, na bado akiba ya Sacco ikaenda kwa yule aliyeandikwa kwenye fomu.

Wengi hujibu kwamba wakioa au kuolewa, mambo hayo hujirekebisha yenyewe. Labda wamesikia habari ya wosia. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Urithi, ambayo kanuni zake za ugawaji hazitumiki kwa Waislamu, ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa kama wosia huo ulitaja ndoa hiyo iliyokuwa inatarajiwa. Lakini fomu ya Sacco si wosia. Harusi haiifuti, na kuzaliwa kwa mtoto hakumwongezi mtu ndani yake. Itakaa jinsi ilivyo mpaka uandike nyingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyejiunga na Sacco mwaka 2014, akiwa hajaoa. Alimwandika mama yake kwa asilimia 100, na hapo hakukosea hata kidogo, kwa kuwa mama ndiye aliyemsomesha. Alioa 2019, akapata mtoto wa kwanza 2021 na wa pili 2024. Sasa ana akiba ya Sh640,000. Akifariki leo, mama atapokea Sh640,000 zote, na mke na watoto wawili hawana cha kudai kwenye Sacco ila kile bibi atakachoamua kuwapa. Wapo bibi watakaogawa kwa haki bila kuombwa. Lakini yupo pia bibi mgonjwa ambaye mashemeji watamshika mkono hadi kwenye kaunta. Na kama mama huyo alifariki kabla ya mwanawe, mteule hayupo tena, na pesa itabidi zisubiri msimamizi wa mirathi. Hapo familia inaanza na barua ya chifu, kisha korti, huku karo ikidaiwa.

Mwalimu huyu hahitaji kumfuta mama. Anaweza kuandika fomu mpya inayompa mke asilimia 40, kila mtoto asilimia 20, na mama asilimia 20. Ukijumlisha inatimia 100. Kwa akiba ya leo, mke atapata Sh256,000 na wale wengine watatu Sh128,000 kila mmoja. Akijaliwa mtoto wa tatu, huyo hana kitu mpaka mwalimu apige hesabu upya, kwa sababu asilimia zote zimeshachukuliwa. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama: walibadilisha fomu baada ya harusi, wakaona kazi imekwisha, na mtoto wa pili na wa tatu wakaachwa nje.

Mkopo nao lazima uuweke kwenye hesabu. Sacco nyingi zina bima inayolipa deni la mwanachama aliyefariki. Uliza kama yako inayo, na kama mkopo wako wote umo ndani ya bima hiyo. Kama haumo, deni huondolewa kwanza kwenye akiba, na wateule hugawana kinachobaki. Ndiyo maana ni bora kuandika asilimia kuliko kiasi cha pesa, kwani asilimia hubaki na maana yake akiba ikipanda au ikishuka.

Sasa fomu yenyewe. Kanuni za vyama vya ushirika za 2004 zinataka uteuzi uwe kwa maandishi, mwanachama atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na uteuzi huo uingizwe katika rejista ya wanachama. Ukiteua zaidi ya mtu mmoja, lazima useme kila mmoja anapata sehemu gani. Ushahidi wa mtu usiyemtaja kwenye fomu ni salama zaidi, hivyo mwombe mfanyakazi mwenzako au jirani badala ya mke au mume anayenufaika. Andika majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na nambari yake. "Mke wangu" au "Mama Brayo" si jina la kulipwa pesa. Kwa mtoto, tumia jina na nambari ya cheti cha kuzaliwa, kisha taja mlezi atakayepokea kwa niaba yake akiwa bado hajatimiza miaka 18. Usipotaja mlezi, swali la nani amshikie mtoto pesa litaulizwa wakati ambao wewe huwezi kulijibu.

Hapa kliniki inatusaidia. Mtoto akizaliwa hospitalini hupewa notisi ya kuzaliwa, na notisi hiyo ndiyo ya kuombea cheti. Ukipitisha miezi sita bila kusajili, inakuwa usajili wa kuchelewa na maswali huongezeka. Watoto wetu hupelekwa chanjo wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Fanya ile ziara ya wiki ya 14 iwe ukumbusho wako: kama cheti kimetoka, fomu ya Sacco ijazwe wiki hiyo hiyo.

Upande wa pensheni ya kazini mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya Mafao ya Kustaafu inasema malipo ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Hulipwa na wadhamini wa mfuko kwa kufuata kanuni za mfuko huo. Wadhamini huanza na fomu yako, lakini katika mifuko mingi wana nafasi ya kuangalia ni nani hasa aliyekuwa anakutegemea. Kwa hiyo fomu ya zamani kwenye pensheni si lazima imnyime mtoto wako, ila inawalazimu wadhamini kuchunguza, kuita pande mbili na kusikiliza ugomvi. Familia inaweza kungoja miezi kwa jambo ambalo karatasi moja ingelimaliza.

Ukijaza fomu ya pensheni, hakikisha ni ya mfuko wenyewe. Wengine hujaza jina la jamaa wa karibu kwenye faili la mwajiri wakidhani imetosha, kumbe hilo ni la kupigiwa simu ukiugua. Na kama umewahi kubadilisha kazi, kumbuka mfuko wa mwajiri wa kwanza. Sehemu ya pesa hubaki huko mpaka ufike umri wa kustaafu, na fomu uliyoijaza ukiwa na miaka 23 inabaki nayo. Waandikie wasimamizi wa mfuko huo pia.

Benki ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Ulipofungua akaunti uliulizwa jamaa wa karibu ni nani, ukaandika jina la mumeo au mkeo, ukalala usingizi. Jina hilo halimpi haki ya kutoa hata shilingi moja. Ukifariki, akaunti yako ya peke yako hufungwa, na benki husubiri hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, au kwa Waislamu, uamuzi wa Mahakama ya Kadhi. Mkitaka mmoja asikwame, ulizeni benki kuhusu akaunti ya pamoja, na muulize waziwazi kama aliyebaki hai ataendelea kuitumia, kwa sababu masharti ya kufungua akaunti ndiyo yanayoamua.

Kuna jambo moja ambalo fomu haiwezi kulifanya, nalo ni kumwambia mama. Mama aliyejua kwamba ameandikwa asilimia 100 na akaja kugundua msibani kwamba ana 20 atamlaumu mkaza mwana, hata kama uamuzi ulikuwa wa mwanawe. Mweleze ukiwa hai, kwa heshima, kwamba hujamwondoa bali umewaongeza wajukuu wake. Na mwenzako wa ndoa naye ajue Sacco ni ipi, nambari yako ya uanachama, na nakala ya fomu imewekwa wapi.

Ukipeleka fomu mpya, usiondoke na maneno "tumepokea" peke yake. Omba nakala yenye muhuri na tarehe, kwa kuwa fomu iliyosahaulika kwenye droo ya karani inaweza kuzua kesi. Kisha rudi au piga simu baada ya wiki mbili uulize swali hili moja: "Kwenye rejista yenu, akiba yangu imeandikwa ni ya nani nikifa, na kila mmoja anapata asilimia ngapi?" Wakikusomea majina ya zamani, fomu yako bado haijafika mahali pake.