Akiandika « test », tumujibu

Kalehe, Kivu ya Kusini. Mtu akiandika « test » ao « kuna mtu? » katika kundi la WhatsApp la kijiji, wengi wetu hucheka ao hunyamaza. Mimi naona ni kosa. Katika kundi, alama ya pili hutokea tu wakati simu za wote zimepokea ujumbe. Simu moja ikizimika, alama inabaki moja, na alama hiyo peke yake haimuonyeshi mwandishi kama ujumbe wake umemufikia mtu yeyote. Jibu fupi linatosha: « Nimepata, niko Nyamukubi, saa mbili usiku. » Wawili wakijibu, wengine wanyamaze. Wakaaji wa Bushushu na Nyamukubi, waliopigwa na mafuriko ya Mei 2023, wanajua: mito ikianza kupanda, hakuna tena wakati wa kujaribu simu.